Kumwomba Mkubwa wa Kazi wa Zamani Barua ya Mapendekezo

Mtu atafutaye kazi mpya aghalabu huambiwa alete barua kutoka kwa mtu aliyemsimamia katika kazi yake ya awali. Basi huandika ujumbe mfupi katika simu: "Habari za siku nyingi, Bwana. Naomba uniandikie barua ya mapendekezo." Siku tano zapita bila jibu, kisha kumi, na siku ya mwisho ya kupeleka maombi yafika. Mwombaji huona moyoni mwake kwamba mkubwa yule ana kiburi, au ana kinyongo cha zamani.

Huenda kinyongo kipo, lakini mara nyingi hakipo. Jambo lenyewe ni kwamba ujumbe ule wa maneno machache umemtwika mtu yule mzigo mkubwa. Ili aandike nusu ukurasa tu, hana budi kukumbuka mwombaji alianza kazi lini na kuondoka lini, cheo chake kilikuwa gani, na ni kazi ipi hasa aliyoifanya vizuri. Tena yampasa kujua kazi mpya ni ya namna gani, barua iandikwe kwa nani, ipelekwe kwa njia gani, na kabla ya siku gani. Katika mambo hayo yote ujumbe ule haukumwambia hata moja. Naye ana wafanyakazi wengine sasa, na kazi nyingine mezani. Husema moyoni, "Nitaandika Jumamosi," na Jumamosi ikifika humsahau. Mwombaji mwenye busara huubeba mzigo huo mwenyewe, akamwachia mkubwa wake jambo moja tu asiloweza kulifanya mtu mwingine, nalo ni kutoa ushuhuda wake.

KARATASI MBILI ZISIZOFANANA

Kabla ya kuomba, yafaa kutofautisha karatasi mbili ambazo watu wengi huzichanganya. Ya kwanza ni cheti cha kazi. Sheria ya Ajira ya Kenya ya mwaka wa 2007, katika fungu la 51, yamlazimu mwajiri kumpa mfanyakazi cheti hiki anapoondoka, maadamu amefanya kazi majuma manne mfululizo au zaidi. Huandikwa ndani yake jina na anwani ya mwajiri, jina la mfanyakazi, siku ya kuanza, aina ya kazi na mahali ilipofanyika, na siku ya kumaliza. Mwajiri akataaye kwa makusudi kukitoa, au apuuzaye, aweza kushtakiwa na kutozwa faini.

Karatasi ya pili ni barua ya mapendekezo, ambayo hueleza tabia ya mtu na namna alivyofanya kazi. Juu ya hii, fungu lilo hilo lasema wazi kwamba mwajiri halazimiki kuitoa. Kwa hiyo cheti ni haki na hudaiwa, bali barua ni hisani na huombwa. Mtu aombaye hisani kwa sauti ya kudai haki huipoteza, na mtu aombaye haki yake kwa kunyenyekea mno huweza kuzungushwa mwaka mzima.

Wazee watakumbuka kwamba zamani za ukoloni mambo haya mawili yalikuwa katika karatasi moja. Tangu mwaka wa 1920 wanaume Waafrika walilazimishwa kuchukua kipande, nacho kiliwekwa katika kijaluba cha chuma ambacho wengi walikivaa shingoni. Bwana wa kazi aliandika humo siku ya kuanza, mshahara, na siku ya kuachiliwa; na mtu ambaye bwana wake hakutia sahihi ya kumwachilia hakuweza kuandikwa kazi kwingine kwa halali. Sheria ya leo imeyatenga mambo hayo. Siku za kazi lazima zishuhudiwe. Sifa hutolewa kwa hiari.

Basi mwombaji aanze na cheti. Akikipata kwanza, tarehe zote anazo mkononi, na mkubwa wake wa zamani hahitaji kupekua mafaili ili kuzitafuta.

MTU WA KUOMBWA

Kosa la kawaida ni kumkimbilia mwenye cheo kikubwa kuliko wote. Mkurugenzi wa kampuni aliyemwona karani mara mbili kwa mwaka ataandika nini? Ataandika kwamba karani huyo alikuwa mtu mwema na mwenye bidii, na maneno hayo huandikwa katika kila barua. Aandikaye watu kazi hayapati uzito wo wote. Msimamizi wa stoo aliyemwona karani yule yule kila asubuhi kwa miaka minne aweza kueleza jambo moja aliloliona kwa macho yake, na jambo hilo moja lazidi sifa kumi.

Kadhalika ifikiriwe namna watu walivyoachana. Aliyeondoka kwa ugomvi na meneja asijaribu bahati kwa kumwomba meneja huyo, maana aweza kuandika barua baridi ambayo yadhuru kuliko kutokuwa na barua. Huenda palikuwa na mhasibu, au naibu wa meneja, au msimamizi wa zamu, aliyekuwa na habari zake njema. Aombwe huyo.

KARANI WA STOO WA NAKURU

Na uchukuliwe mfano wa karani mmoja, mwanamke, aliyefanya kazi katika duka kubwa la vifaa vya ujenzi mjini Nakuru. Aliandikwa tarehe 4 Machi 2019, akaondoka tarehe 30 Juni 2023 ili kumwuguza mama yake. Mwanzoni mwa Oktoba 2025 aliona tangazo la hospitali ya misheni iliyotaka karani wa stoo. Maombi yalitakiwa kabla ya Ijumaa tarehe 24 Oktoba, pamoja na barua moja ya mtu aliyemsimamia mwombaji. Meneja wake wa zamani alikuwa amekwisha kuhama duka lile, naye alikuwa akifanya kazi mahali pengine mjini Eldoret.

Alhamisi tarehe 2 Oktoba karani alimpigia simu, si kwa kuomba barua mara moja, bali kwa kuuliza. Alijitaja jina na mahali walipofanya kazi pamoja, akasalimu, kisha akasema: "Bwana, naomba kazi ya stoo katika hospitali, nao wanataka barua ya mtu aliyenisimamia. Je, waona wanijua vya kutosha kuweza kunishuhudia vizuri, na nafasi unayo ya kuandika kabla ya tarehe 17? Kama haiwezekani, sitaona vibaya, nitamwomba aliyekuwa mhasibu wetu."

Swali hili limetengenezwa vizuri, nalo lastahili kutazamwa. Halikumwuliza kama aweza kuandika barua, maana kila mtu ajuaye kuandika aweza. Lilimwuliza kama aweza kushuhudia vizuri. Mtu mwenye mashaka juu ya kazi ya karani amepewa hapa mlango wa kutokea kwa heshima. Atasema kwamba kazi zimemzidi, na hapana atakayeaibika. Tena amesikia kwamba yuko mtu mwingine wa kuombwa, basi haoni kwamba akikataa atamnyima mtu riziki yake. Watu wengi huogopa kutoa mlango huu wakidhani kwamba mkubwa atautumia. Walakini yule atakayeutumia ndiye hasa ambaye barua yake haifai kutafutwa.

Meneja alijibu, "Haya, nitaandika, lakini miaka imepita, nikumbushe mambo yale." Jioni ile ile karani alimpelekea barua hii kwa njia ya barua pepe:

"Bwana Meneja,

"Nakushukuru kwa kukubali. Nilikuwa karani wako wa stoo tangu tarehe 4 Machi 2019 mpaka tarehe 30 Juni 2023. Niliondoka kwa hiari yangu baada ya kutoa notisi ya mwezi mmoja, kwa sababu ya ugonjwa wa mama, ambaye sasa amepona.

"Kazi niiombayo ni ya kupokea, kuhesabu na kugawa dawa na vifaa vya hospitali. Katika tangazo wamesisitiza mambo mawili, uaminifu wa kupokea mali na uangalifu wa daftari. Nakukumbusha mambo uliyoyaona mwenyewe. Mwezi Agosti 2021 lori la saruji lilikuja na hati ya mifuko 600. Nilihesabu nikapata 576, nikakataa kutia sahihi mpaka dereva alipoandika upungufu huo katika hati, na duka likalipia mifuko 576 tu. Pia kila mwisho wa mwezi nilihesabu mali yote pamoja nawe na kulinganisha na daftari. Na mwaka wa 2022 uliniagiza kuwafundisha makarani wawili wapya. Kama nimekosea katika lo lote la hayo, tafadhali nisahihishe.

"Barua iandikwe kwa Katibu wa Hospitali. Nusu ukurasa watosha. Naomba niipate kabla ya Ijumaa tarehe 17 Oktoba. Waweza kuipiga picha au kuipeleka kwa barua pepe, nami nitaichapa na kuipeleka pamoja na maombi yangu. Ikiwa wapendelea karatasi, nitakuja kuichukua Eldoret siku utakayoitaja. Nimeambatanisha tangazo la kazi na nakala ya cheti changu cha kazi.

"Ukiona baada ya kusoma haya kwamba haitawezekana, nijulishe kabla ya tarehe 8.

"Wako mtiifu."

Msomaji ataona kwamba barua hii haina sifa hata moja. Karani hakusema kwamba yeye ni mwaminifu. Alisema kwamba alihesabu mifuko 576. Neno "mwaminifu" ni la meneja, na akisoma habari ya lori lile atalikumbuka, na neno litamjia lenyewe. Kumbukumbu zilizochaguliwa ni tatu tu, tena zile zinazofanana na kazi ya hospitali. Kama angaliomba kazi ya kuuza dukani, lori la saruji lisingalikuwa na maana kubwa, na ingalifaa kukumbusha namna alivyoshughulika na wanunuzi.

Siku ya tarehe 17 nayo haikuchaguliwa ovyo. Majuma mawili yatosha kwa mtu mwenye shughuli. Zaidi ya hapo barua huwekwa kando na kusahauliwa. Halafu Jumatatu tarehe 20 Oktoba ni Sikukuu ya Mashujaa, ofisi hufungwa, na kama barua ingalichelewa kidogo bado palikuwa na siku tatu za kazi kabla ya tarehe 24. Ile tarehe 8 ni ya namna nyingine: meneja akighairi, karani bado ana nafasi ya kumwendea mhasibu.

Kuna jambo jingine ambalo waombaji hulisahau. Meneja huyu hayupo tena katika duka la Nakuru, kwa hiyo hawezi kutumia karatasi yenye nembo ya duka lile. Wala isitumiwe karatasi ya kampuni yake mpya kana kwamba kampuni hiyo ndiyo iliyomwajiri karani. Hospitali ikiona hivyo itadhani pana udanganyifu. Aandike katika karatasi tupu, akiweka anwani na simu yake, na mstari wa kwanza useme kwamba alikuwa meneja wa duka lile katika miaka fulani, na kwamba katika wakati huo alimsimamia karani. Cheti cha kazi, ambacho ndicho chenye muhuri wa duka, huthibitisha zile tarehe. Karatasi hizo mbili zikisimama pamoja zatosha.

Hata mtu ambaye bado yumo katika kampuni ile ile huenda asiweze kuandika kwa jina la kampuni. Kampuni nyingi kubwa zina kanuni kwamba barua za namna hii hutolewa na idara ya wafanyakazi peke yake, nazo hutaja tarehe na cheo bila neno la sifa. Meneja akieleza hivyo, hajakataa. Aulizwe kwa upole kama kanuni yamruhusu kuandika kwa jina lake mwenyewe, au kupokea simu tu.

"ANDIKA WEWE, NITATIA SAHIHI"

Wakubwa wengine husema hivi, na waombaji hufurahi. Lakini pana hatari. Mwombaji ajiandikiaye barua hujaza sifa, kwa lugha ambayo si ya mkubwa wake. Kisha mwajiri mpya apiga simu, auliza, "Umeandika kwamba alizuia hasara kubwa, ilikuwaje?" na mwenye sahihi ababaika kwa kuwa hakuisoma vema. Hapo barua imegeuka kuwa ushahidi wa uongo juu ya wote wawili.

Njia iliyo salama ni kumpelekea maelezo yaliyopangwa, si barua iliyokamilika. Mstari wa tarehe na cheo waweza kuandikwa kamili, maana ni mambo ya hakika. Matukio huandikwa kama yalivyotokea. Mahali pa maoni huachwa wazi, kwa mfano: "Juu ya uaminifu wake naweza kusema kwamba ..." na nukta zifuatwe na nafasi. Mkubwa atajaza sentensi mbili au tatu kwa maneno yake, na kazi yake haitazidi robo saa. Barua itakuwa yake, naye ataweza kuitetea.

AKIKAA KIMYA

Jumatatu tarehe 13 Oktoba karani wa Nakuru alikuwa hajapata kitu. Alipeleka ujumbe mmoja: "Bwana, nakukumbusha habari ya barua ya Ijumaa. Kama kuna jambo nililoliacha, niambie." Barua ilifika Alhamisi. Ukumbusho mmoja siku chache kabla ya siku iliyotajwa si usumbufu. Wakubwa wengi huungojea. Ukumbusho wa kila siku, au wa kupitia kwa mke wake au rafiki yake, ni usumbufu.

Kama ukumbusho ule ungalipita bila jibu, yafaa kuhesabu kwamba jibu limetolewa. Kadhalika maneno kama "tutaona" au "nitaangalia", yasiyo na siku wala swali lo lote juu ya kazi inayoombwa, mara nyingi ni kukataa kwa adabu. Mtu aliyekubali kweli huuliza kitu: iandikwe kwa nani, ni kazi gani, itakiwa lini. Aliyekataa asiulizwe sababu. Ashukuruwe, na aombwe mwingine, na cheti cha kazi kipelekwe kwa hali yo yote.

Siku hizi waajiri wengi hawataki barua kabisa. Hutaka majina na simu za watu wawili au watatu watakaoulizwa. Wako watu wanaoandika majina ya wakubwa wao wa zamani bila kuwapa habari. Meneja hupigiwa simu akiwa njiani, aulizwa habari za mtu ambaye hajamsikia kwa miaka mitatu, naye hujibu, "Nadhani alifanya kazi hapa." Jibu hilo laua maombi yote. Maelezo yale yale ya karani wa Nakuru yatumika pia hapa: tarehe, kazi inayoombwa, matukio matatu. Yapelekwe kabla ya simu kupigwa, na iongezwe habari ya mahali simu itakapotoka na siku inayotazamiwa, ili mtu asiikatae kwa kuwa haijui namba.

Hospitali ilimpigia simu meneja wa Eldoret tarehe 5 Novemba, wakamwuliza habari ya ile mifuko. Aliwaeleza jambo ambalo halikuwa katika barua, kwamba dereva alimtolea karani fedha ili atie sahihi, naye akazikataa mbele ya wapakuzi. Karani alikuwa ameshamwandikia meneja siku alipopokea barua, kumshukuru. Alimwandikia tena alipoitwa kazini, akamtajia siku ya kuanza na mshahara wa cheo chake kipya. Na meneja, ambaye wakati huo alikuwa akitafuta karani wa stoo, alimwuliza kama wale wawili aliowafundisha bado wako Nakuru.